Mtego wa maneno yaliyomo kwenye habari

Mwanafunzi wa darasa la saba anasoma: “Juma aliamka alfajiri ili awahi basi la saa kumi na mbili. Alilikuta kituoni, tairi limepasuka. Alifika shuleni saa tatu.” Swali linauliza: Kwa nini Juma alichelewa?

A. Aliamka alfajiri.
B. Aliachwa na basi.
C. Usafiri wake uliharibika.

Jibu ni C, ingawa neno “usafiri” halimo kwenye habari. Majibu mengine ni vipotoshi. A limenakiliwa neno kwa neno na ni kweli, ila halijibu “kwa nini”. Jicho hulikimbilia kwa sababu linalitambua. B linatokana na mazoea: wanaochelewa wengi huachwa na basi, lakini Juma alilikuta.

Dawa ni kufunika machaguo, kusoma swali, kisha kujijibu kwa maneno yako. Aliyejisemea “basi lilipata pancha” huiona C haraka. Kisha kila chaguo lipimwe mara mbili: je, habari inalithibitisha? Je, linajibu swali lililoulizwa? A linaanguka kwenye swali la pili, B kwenye la kwanza.