Mfumo Unaojiendesha Ukileta Madhara, Nani Huwajibika?

Mashine haishtakiwi. Mfumo unaojiendesha ukimdhuru mtu, sheria humtafuta binadamu au kampuni iliyohusika nao. Hapo huzuka maswali mawili yanayopaswa kutenganishwa: nani ametenda kosa la jinai, na nani atalipa fidia.

Usiku wa tarehe 18 Machi 2018, katika mji wa Tempe, jimbo la Arizona nchini Marekani, gari la majaribio la kampuni ya Uber lilimgonga na kumuua mwanamke aliyekuwa akivuka barabara huku akisukuma baiskeli. Gari liliendeshwa na kompyuta; ndani yake alikuwamo mwangalizi aliyeajiriwa kushika usukani hatari inapotokea.

Uchunguzi wa serikali ulibaini kwamba vitambuzi vya gari vilimwona mwanamke huyo sekunde 5.6 kabla ya kugongwa. Hata hivyo, kompyuta ilimhesabu mara kuwa gari, mara baiskeli, mara kitu kisichojulikana, na kila ilipobadilisha hesabu ilianza upya kukadiria anakoelekea. Haikuwa imetayarishwa kumtarajia mtu anayevuka mahali pasipo kivuko. Breki za dharura zilizowekwa na kiwanda nazo zilikuwa zimezimwa. Mwangalizi alikuwa akitazama simu.

Mwaka 2019 mwendesha mashtaka aliamua kuwa kampuni haikuwa na hatia ya jinai. Mwangalizi alishtakiwa, na mwaka 2023 alikiri kosa la kuhatarisha maisha, akapewa kifungo cha nje cha miaka 3. Kuhusu fidia, kampuni ilipatana na jamaa za marehemu nje ya mahakama. Hivyo aliyebeba jinai siye aliyelipa.

Jambo la kuzingatia ni kwamba zile sekunde 5.6 zilijulikana kwa sababu wachunguzi walisoma kumbukumbu za mfumo. Kwa kawaida, kumbukumbu hizo humilikiwa na kampuni, ilhali mzigo wa kuthibitisha kasoro humwangukia aliyedhurika. Ndiyo maana Umoja wa Ulaya, kwa sheria ya mwaka 2024, umetamka kuwa programu ya kompyuta ni bidhaa, na kwamba mdaiwa akikataa kutoa ushahidi alioamriwa na mahakama, bidhaa yake huchukuliwa kuwa na kasoro. Kanuni hiyo inahusu bidhaa zinazoingia sokoni baada ya tarehe 9 Desemba 2026.

Kwa hiyo, ukidhurika na gari au kifaa cha tiba kinachojiamulia, usikubali kifutwe, kirekebishwe wala kuwekewa programu mpya kabla ya kukaguliwa. Iandikie kampuni mara moja, ukiitaka ihifadhi kumbukumbu za siku na saa ya tukio, na ubaki na nakala ya barua hiyo. Usitie saini makubaliano ya fidia kabla ya kumwona wakili, kwani saini hiyo yaweza kufunga dai lako kabla kumbukumbu hazijasomwa.