Tangazo la nyumba linapogeuka video

Tangazo la nyumba ya kupanga Tabata linasema: vyumba vitatu, kimoja masta, sebule kubwa, jiko la kisasa, maji ya DAWASA na kisima, luku yake. Ukilisoma hivyo hivyo juu ya picha, utataja kisima wakati mtazamaji anaona kitanda.

Anza na picha, si maneno. Pima kila kipande: sebule sekunde 12, jiko 8, masta 10. Kwa usomaji wa utulivu, kadiria maneno mawili kwa sekunde, ukiacha sekunde moja ya kimya kila mwisho wa kipande. Jiko basi linabeba maneno 14 tu.

Uyatumie wapi? Makabati yanaonekana; usiyataje. Kamera ikifika kwenye sinki, sema: "Maji yanatoka DAWASA na kisima, luku ni ya kwako peke yako." Hayo ni maneno 11, na ndiyo mpangaji asiyoweza kuyaona.

Kisha soma kwa sauti huku video ikicheza. Ukijikuta unakimbiza maneno mlangoni mwa masta, punguza sentensi. Na "kubwa" ifute kabisa. Taja vipimo vya sebule ulivyopima mwenyewe kwa futi.