Maswali ya Mtihani Chini ya Mlima Nyiragongo

Kaskazini ya mji wa Goma, mashariki mwa Kongo, umesimama mlima Nyiragongo, wenye urefu wa mita 3,470 hivi. Wengi wanaujua kwa sababu ya lava iliyoingia mjini Januari 2002, na iliyofika tena ukingoni mwa mji Mei 2021. Wakulima wa miteremko yake wanaujua kwa jambo jingine pia. Gesi za mlima huu hazingoji mlipuko. Hutoka kwenye kasoko mchana na usiku, nyakati nyingine kwa wingi sana, na upepo huzisukuma zaidi kuelekea magharibi. Ndiyo maana maswali ya hewa na uchafuzi, ambayo wanafunzi wengi huyakariri tu, katika eneo hili yana majibu yanayoonekana kwa macho.

Taja gesi zinazounda hewa na kiasi cha kila moja.

Hewa kavu ina naitrojeni asilimia 78, oksijeni karibu asilimia 21 na agoni inayokaribia asilimia 1. Hewa ukaa, yaani kaboni dayoksaidi, ni asilimia 0.04 tu. Mvuke wa maji huwekwa pembeni ya hesabu hii kwa sababu haukai mahali pamoja: huwa mwingi pwani wakati wa masika na haba sana jangwani.

Je, hewa ukaa inaweza kuua?

Wanafunzi wengi hujibu hapana, kwa kuwa kila mtu huitoa anapopumua. Wakazi wa ukanda wa Bulengo, magharibi mwa Goma, wana jibu tofauti. Huko hewa ukaa hupenya kwenye nyufa za ardhi ya volkano na kujikusanya mabondeni. Wenyeji huita mahali hapo mazuku. Gesi hii ni nzito kuliko hewa kwa karibu mara moja na nusu, kwa hiyo hulala chini kama maji kwenye bakuli, hasa usiku na alfajiri upepo unapotulia. Jua likipanda na upepo ukianza kuvuma, hutawanyika.

Ndani ya mazuku kiasi chake kinaweza kupita asilimia 10, na hapo mtu hupoteza fahamu katika dakika chache. Mbuzi aliyeinamisha kichwa kula majani huanguka, wakati mtu mzima aliyesimama kando yake bado anapumua vizuri. Mtoto, au mtu aliyelala chini, yuko kwenye hatari ileile ya mbuzi. Ndege na wadudu waliokufa ndani ya shimo ni onyo la kutosha, na anayeruka humo kumwokoa mwenzake bila vifaa huwa wa pili kuanguka.

Eleza tofauti kati ya hewa ukaa na kaboni monoksaidi.

Swali hili huwapotosha wengi, na kosa lake linaweza kugharimu uhai nje ya chumba cha mtihani. Kaboni monoksaidi hutokea kitu kinapoungua bila oksijeni ya kutosha, kama jiko la mkaa lililofungiwa chumbani usiku wa baridi. Haina rangi wala harufu. Ikiingia kwenye damu hushikamana na himoglobini kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200, hivyo damu huendelea kuzunguka ikiwa haibebi kinachohitajika. Kiasi kidogo sana kinatosha kuua, wakati hewa ukaa huhitaji kuwa nyingi.

Kuna watu hupima usalama kwa mshumaa. Kwenye mazuku mwali huzimika oksijeni inapopungua mno, ingawa hata hapo mtu anaweza kuwa tayari hatarini. Kwenye chumba chenye kaboni monoksaidi mshumaa huendelea kuwaka bila shida, na aliyemo ndani haamki.

Mvua ya asidi hutokeaje?

Kwanza ijulikane kwamba hata mvua safi ina asidi kidogo. Hewa ukaa huyeyuka kwenye matone na kuishusha pH hadi karibu 5.6, chini ya 7 ambayo ndiyo katikati. Mvua huitwa ya asidi inaposhuka chini ya hapo kwa sababu ya gesi nyingine, hasa salfa dayoksaidi na oksaidi za naitrojeni. Hizo zikiwa angani huungana na oksijeni na maji, zikawa asidi ya salfuriki na asidi ya nitriki.

Nyiragongo na jirani yake Nyamulagira ni miongoni mwa vyanzo vikubwa vya asili vya salfa dayoksaidi duniani. Kwingineko kazi hiyo imefanywa zaidi na makaa ya mawe, viwanda vya kuyeyusha madini na mafuta ya magari. Mkemia Robert Angus Smith aliichunguza mvua ya miji ya viwanda ya Uingereza na kutoa kitabu mwaka 1872. Afrika Mashariki nayo ilichukua hatua Januari 2015, ilipoanza kutumia dizeli yenye salfa isiyozidi sehemu 50 kwa milioni.

Kipimo cha pH kinahitaji uangalifu, kwa sababu kila namba moja ni tofauti ya mara kumi. Chukua maji ya mvua yaliyokingwa chini ya moshi wa mlima, yakaonyesha 3.6. Tofauti na 5.6 ni namba mbili, kwa hiyo maji hayo yana asidi mara 100 zaidi ya mvua ya kawaida. Karatasi ya litmasi haitoshi kugundua hilo, maana hubadilika rangi tu bila kusema asidi ni kali kiasi gani. Inatakiwa karatasi ya pH yenye rangi nyingi.

Taja madhara ya mvua ya asidi.

Majani ya maharage na migomba huota madoa ya kahawia kama yaliyoungua. Mabati huanza kuliwa: asidi hushambulia zinki iliyoyapaka, Zn + H₂SO₄ → ZnSO₄ + H₂, kisha kutu hushika chuma kilichobaki wazi. Udongo ukizidi kuwa na asidi huachia alumini, inayodhuru mizizi, na ikisombwa hadi ziwani hudhuru samaki. Mahali penye chokaa nyingi ardhini asidi hupozwa mapema. Maziwa ya Skandinavia, yaliyokaa juu ya miamba ya itale, hayakuwa na kinga hiyo, na mengi yalipoteza samaki katika karne ya 20.

Miteremko ya Nyiragongo ina tatizo jingine ambalo vitabu vya shule hulitaja kwa nadra. Moshi wa mlima una pia haidrojeni floraidi, na mvua huiteremsha juu ya mapaa ambayo familia nyingi hutegemea kukinga maji ya kunywa. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha floraidi kuwa miligramu 1.5 kwa lita. Ikizidi kwa muda mrefu, meno ya watoto huota yakiwa na mabaka meupe au ya kahawia. Kuchemsha hakusaidii: maji hupungua, floraidi hubaki palepale. Kumwaga maji ya mwanzo kabla ya kuelekeza bomba kwenye tangi huondoa majivu na asidi iliyotulia juu ya bati, lakini floraidi iliyomo kwenye mvua yenyewe huendelea kuingia. Kama kuna maji yaliyopimwa kutoka chanzo kingine, hata kidogo, yafaa yatengwe kwa wale ambao meno yao ya ukubwani bado yanajengeka ndani ya ufizi, yaani watoto wa chini ya miaka minane.