Ujazaji wa fomu I-589

Fomu I-589 hutumiwa na mtu aliyeko Marekani kuomba hifadhi ya ukimbizi. Hujazwa kwa Kiingereza, na maelekezo yake yanataka kila swali lijibiwe.

Swali lisilomhusu mwombaji hujibiwa "N/A", asichokuwa nacho huandikwa "none", na asichokijua "unknown". Kwa mfano, mtu asiye na jina la kati huandika "none". Lakini asiyejua baba yake anaishi wapi huandika "unknown", si "N/A", kwa kuwa swali hilo linamhusu.

Kuanzia mwaka 2019 idara ya uhamiaji, USCIS, ilirudisha fomu zilizoachwa na nafasi tupu, hata ya jina la kati. Utaratibu huo ulisimamishwa Desemba 2020 baada ya kesi mahakamani. Hata hivyo, fomu isiyokamilika bado inaweza kurudishwa, na kwa kawaida maombi hupokelewa ndani ya mwaka 1 tu tangu mtu aingie nchini.

Kosa likigunduliwa baada ya kuwasilisha fomu, mwombaji humweleza afisa kwenye usaili. Marekebisho huandikwa kwenye fomu na kupewa namba, kisha mwombaji hutia sahihi kwa kiapo katika sehemu F.