Bima Ikishakulipa, Nani Anamdai Mwenye Lori?

Tuchukue mfano. Noah imesimama kwenye taa za Ubungo, Dar es Salaam. Fuso inakuja nyuma, breki zinachelewa, inaigonga. Mwenye Noah ana bima kubwa, kwa hiyo hahangaiki sana: anakwenda kwa kampuni yake na gari linatengenezwa. Gereji inadai shilingi 6,400,000, gari la kuvuta 150,000. Jumla ni 6,550,000. Katika hizo mteja anatoa 640,000 mfukoni, ile sehemu ya kwanza ya hasara ambayo mkataba unamwachia mwenyewe na watu wa bima huiita ekses. Kampuni inalipa 5,910,000 zilizobaki.

Mteja anadhani mambo yamekwisha. Kumbe kwa kampuni ndiyo kwanza yanaanza. Aliyesababisha hasara ni dereva wa Fuso, na kampuni ikishamlipa mteja wake, sheria inairuhusu ishike nafasi yake na kumdai mkosaji. Haki hiyo huitwa subrogesheni, na hatua yake ya kwanza ni barua ya madai.

Barua iandikwe kwa nani? Wengi huielekeza kwa kampuni ya bima ya lori peke yake. Lakini aliyegonga ni dereva, na kwa kawaida mwajiri wake hubeba kosa alilofanya akiwa kazini. Kampuni ya bima inaingia kwa sababu tu iliahidi kumlipia mwenye lori. Hivyo barua njema humtaja mwenye lori na dereva, kisha huikabidhi kampuni yao dai hilo pamoja na namba ya bima ya lori. Namba hiyo ihakikiwe kwanza, maana bima ikiwa ilikwisha wiki moja kabla ya ajali, kampuni hiyo haina la kulipa na anabaki mwenye lori mwenyewe.

Chini ya "YAH:" huandikwa tarehe ya ajali, mahali na namba za magari yote mawili. Aya ya kwanza inasimulia tukio bila matusi wala mbwembwe, kwa mfano: "Gari la mteja wetu lilikuwa limesimama kwenye taa nyekundu ndipo lori la mteja wenu lilipoligonga kwa nyuma." Sentensi hiyo moja inaonyesha kosa lilikuwa la nani. Kuandika kwamba dereva "aliendesha kwa uzembe" bila kusema alifanya nini hakusaidii. Ushahidi unaambatishwa: ripoti ya polisi, yaani PF 90, mchoro wa eneo la ajali na picha. Kama dereva alikiri kosa mahakamani, nakala ya hukumu iwepo.

Kisha hesabu. Hapa ndipo madai mengi hukwama, kwa kuwa mwandishi hudai makadirio ya gereji badala ya kilichotumika kweli. Kama makadirio yalikuwa milioni saba na ankara ya mwisho ni 6,400,000, kinachodaiwa ni 6,400,000. Kila shilingi iwe na risiti, na ripoti ya mtathmini hasara iambatane. Ekses ya mteja iandikwe mstari wake, tofauti na fedha za kampuni: 5,910,000 za kampuni, 640,000 za mteja. Fedha zikirudi, mteja naye ajue chake kiko wapi.

Mwisho, barua itoe muda wa kujibu, tuseme siku 21, na iseme hatua itakayofuata ni mahakama. Ipelekwe kwa mkono na nakala igongwe mhuri wa kupokelewa. Nchini Tanzania shauri la uzembe lina miaka 3 ya kufunguliwa, na kwa dai hili miaka hiyo huhesabiwa tangu siku ya ajali, hata kama kampuni ilimlipa mteja mwaka mmoja baadaye. Barua zikijibizana hazisimamishi saa hiyo.

Upande wa pili unaweza kujibu kwamba Noah ilisimama ghafla, wakataka kulipa sehemu tu. Hapo mchoro na picha ndivyo vitakavyosema. Ila kuna jibu moja ambalo barua hailiwezi. Kampuni haiwezi kudai kuliko ambavyo mteja mwenyewe angedai. Tuseme siku ile pale kwenye taa, mwenye lori alimvuta kando mwenye Noah: "Kaka, yaishie hapa hapa." Akampa laki tatu, wakasaini karatasi kwamba hakuna anayemdai mwenzake. Karatasi hiyo ikiambatishwa kwenye jibu, dai la milioni sita linaweza kufa. Na kampuni iliyokwisha kulipa itamgeukia mteja wake na kumuuliza kwa nini aliuza haki isiyo yake peke yake.