Mashuka, Taulo na Dawa za Usafi Hotelini: Jinsi ya Kupata Kiwango cha Akiba

Kiwango cha akiba hotelini ni idadi ya kitu ambayo ikipungua kazi ya vyumba hukwama, na ikizidi fedha hulala kwenye rafu. Kwa mashuka, foronya na taulo, kiwango hicho huhesabiwa kwa seti. Seti moja ni idadi inayotosha kuvalisha vyumba vyote mara moja. Hoteli yenye vyumba 40, ambayo kila chumba huwekwa taulo mbili kubwa za kuogea, ina seti ya taulo 80. Ikiwa na vitanda vipana 30, na kila kitanda hutandikwa mashuka mawili, seti ya mashuka mapana ni 60.

Kanuni iliyozoeleka ni ya seti tatu: moja ipo vyumbani, ya pili ipo londri, ya tatu ipo stoo. Hoteli inayopeleka nguo kwa dobi wa nje huambiwa iongeze ya nne au hata ya tano. Kanuni hii ni mahali pazuri pa kuanzia, lakini haisemi kwa nini ni tatu, na msimamizi asiyejua sababu hawezi kujua lini zitakuwa chache au nyingi mno. Idadi ya seti hutokana na mambo mawili: siku ambazo kitu hukaa nje ya chumba tangu kitolewe kikiwa kichafu hadi kirudi kikiwa safi, na sehemu ya seti inayobadilishwa kila siku.

Siku za mzunguko hazikisiwi, hufuatiliwa. Taulo huwekwa alama ya uzi kwenye pindo, kisha huandikwa saa ilipotoka chumbani, ilipoingia mashine, ilipokauka, ilipokunjwa na ilipofika pantri ya ghorofa. Katika hoteli yenye londri yake, taulo iliyotoka Jumatatu saa 4 asubuhi huenda ikafuliwa Jumanne, kwa sababu Jumatatu mashine zinamalizia za Jumapili. Jumanne jioni hukunjwa, na Jumatano asubuhi huwa tayari kurudi chumbani. Hizo ni siku mbili. Zoezi hilo likirudiwa kwa taulo kadhaa kwa wiki nzima, huonyesha pia mahali nguo zinaposubiri zaidi, na mara nyingi si kwenye mashine ya kufulia bali kwenye kukausha au kupiga pasi.

Hoteli yetu ya mfano, ile ya vyumba 40, iko ufukweni, haina mashine ya kutosha ya kukaushia, hivyo hutegemea kamba na jua. Ikijaa, taulo hubadilishwa kila siku. Hesabu yake ni taulo 80 zilizo vyumbani, na 160 za siku mbili za mzunguko, jumla 240, yaani seti tatu. Hadi hapo kanuni ya zamani imesimama. Linalobaki ni mvua.

Wengi huwaza masika kwanza, kwa kuwa mvua zake ni nyingi na taulo huchukua siku ya ziada kukauka. Lakini Aprili na Mei wageni wa pwani hupungua sana. Hoteli ikiwa nusu tupu, taulo zinazobadilishwa kwa siku ni 40 tu, na hata zikikaa nje siku tatu ni 120, pungufu ya zile 160 za msimu wa wageni wengi. Hatari ya kweli ipo kwenye vuli inayochelewa kuisha, mvua inapokutana na wageni wa Krismasi na Mwaka Mpya. Vyumba vimejaa, na siku moja ya mawingu huacha taulo zikiwa mbichi kwenye kamba. Kwa kuwa mvua hiyo hainyeshi kila siku, si lazima kuongeza seti nzima. Nusu seti, yaani taulo 40, humudu siku mbaya moja moja. Kiwango kinakuwa 280.

Mashuka yana hesabu nyingine, maana hayabadilishwi kila siku kwa mgeni anayeendelea kukaa. Hapa kinachoamua kiwango si wastani bali siku nzito kuliko zote. Hoteli hii hupokea vikundi vya semina na harusi vinavyoondoka Jumapili kwa pamoja, na vitanda vyote vipana hutandikwa upya kabla ya jioni: mashuka 60 kwa siku moja. Jumatatu vyumba kumi vya wageni wa usiku mmoja hutaka mengine 20. Kwa siku mbili za mzunguko ni mashuka 80 nje ya vitanda, na 60 yapo vitandani, jumla 140. Ikiongezwa akiba ya 30 kwa ajili ya madoa, mashuka yanayorudishwa kufuliwa tena na vitanda vya ziada, kiwango ni 170, karibu seti tatu. Akiba hiyo pia huyawezesha mashuka ya pamba kukaa kwenye rafu angalau siku moja baada ya pasi kabla ya kurudi kazini, nayo hudumu zaidi kuliko yanayotoka mashine na kwenda kitandani moja kwa moja. Mablanketi, mito na vilinda godoro havifuliwi kila mgeni anapoondoka. Seti moja na robo hutosha.

Jumla ikishapatikana, kazi kubwa ni kuigawa, kwa sababu hoteli inaweza kuwa na taulo 280 na bado mgeni akangoja. Saa 2 asubuhi, kabla ya usafi kuanza, mgawanyo wa hoteli ya mfano unapaswa kuwa hivi: taulo 80 vyumbani, 80 safi kwenye pantri na troli, 80 londri zikisubiri au zikiwa kwenye kufuliwa, na 40 stoo zikiwa zimefungiwa. Zile 40 hazitoki ila kwa saini ya msimamizi, na zikitoka sababu huandikwa. Kila pantri nayo hupewa kiwango chake, kilichobandikwa kwenye mlango wa kabati. Ghorofa yenye vyumba 20 huanza siku na taulo 40, si 60 kwa sababu tu mhudumu wake ni mwepesi wa kuomba.

Kinachodumisha mgawanyo huu ni kubadilishana moja kwa moja: mhudumu wa vyumba huleta taulo chafu 38, hupewa safi 38, na mbili zilizopungua huandikwa papo hapo zimetoka chumba gani. Utaratibu huo ukilegea, wahudumu huanza kujiwekea akiba ya siri kwenye makabati na chini ya troli. Hawafanyi hivyo kwa uchoyo. Wanajilinda na aibu ya kumkosesha mgeni taulo. Dalili yake ni stoo tupu huku pantri zimejaa kupita kiwango, na dawa yake ni londri kuleta nguo kwa wakati, siyo kuwakemea wahudumu.

Dawa za usafi haziendi kwa seti kwa sababu hazirudi. Kila moja huwekewa alama mbili: ya chini, ambayo ikifikiwa dawa iagizwe, na ya juu, ambayo agizo lisiipite. Msingi wake ni matumizi kwa chumba kimoja kinachosafishwa. Ikiwa chumba kimoja hutumia mililita 20 za dawa nzito ya bafuni kabla ya kuchanganywa na maji, vyumba 40 hutumia lita 0.8 kwa siku. Mzigo huchukua siku 3 kufika baada ya kuagizwa, na hoteli hutaka siku 4 za usalama endapo gari litachelewa. Siku 7 mara lita 0.8 ni lita 5.6, alama ya chini iandikwe lita 6. Maagizo yakifanywa kila baada ya siku 14, huongezwa lita 11.2, na alama ya juu huwa kama lita 17. Msimu wa wageni wachache alama hizi hushushwa kulingana na vyumba vinavyouzwa.

Klorini ya maji haipaswi kurundikwa hata ikiuzwa kwa bei nafuu, maana joto na mwanga huimaliza nguvu. Alama yake ya juu hupangwa kwa wiki chache tu za matumizi, kwenye chumba chenye kivuli na hewa, mbali na dawa ya choo yenye asidi, kwa sababu viwili hivyo vikichanganyika hutoa gesi ya sumu. Stoo ya dawa isiwe ile ile ya mashuka.

Matumizi kwa chumba ni kipimo cha kudhibiti pia. Mililita 20 zikipanda hadi 35 bila vyumba kubadilika, alama zisipandishwe. Kikombe cha kupimia kimepotea, au dawa inamiminwa kwa kukisia, au inatoka nje ya hoteli.

Kati ya taulo na dawa kuna vitambaa vya kufutia, ambavyo husahaulika. Navyo huzunguka kupitia londri, kwa hiyo huhesabiwa kwa seti, kila mhudumu na vitambaa vya rangi tofauti kwa choo, beseni na vioo. Vikipungua, mhudumu hushika taulo ya mgeni, hufutia sakafu, na taulo haitakati tena. Hoteli nyingi hununua taulo mpya kila mara wakati upungufu wao ni wa vitambaa vya bei ndogo. Mashuka yaliyochakaa hufaa kukatwa vitambaa, mradi yatiwe rangi kwanza ili yasirudi kwenye rundo la mashuka mazima.

Kiwango huthibitishwa kwa kuhesabu kila kitu kwa wakati mmoja, kila mwezi kwa taulo na angalau kila miezi mitatu kwa vingine. Usiku baada ya kazi, nguo zote husimama zilipo: vyumba, pantri, troli, mifuko ya nguo chafu, mashine, kamba na stoo. Kuhesabu stoo leo na londri kesho hufanya taulo zile zile zihesabiwe mara mbili. Hesabu iliyopita ikiwa 280, hakuna zilizonunuliwa, 14 zimeandikwa kuwa zimetupwa, na zilizopatikana ni 251, basi 15 zimepotea bila maelezo. Zilizotupwa zikiwa nyingi, chanzo hutafutwa londri: klorini kali kupita kiasi, au maji ya kisima yenye chuma yanayoacha madoa ya kutu. Zilizopotea zikiwa nyingi, chanzo hutafutwa kwenye kubadilishana na kwenye milango.

Upungufu ukijirudia huku idadi yote ipo, mzunguko ukaguliwe kabla ya kununua. Dalili ni vyumba kusubiri taulo saa 8 mchana wageni wanapowasili, nguo kutolewa zikiwa na unyevu, na harufu ya uvundo kwenye pantri. Zamu moja ya jioni inayofua taulo za siku hiyo hiyo, na kuondoa nusu siku kwenye mzunguko, hupunguza mahitaji ya hoteli ya mfano kwa taulo 40, sawa na zile zilizowekwa kwa ajili ya mvua. Upande wa pili, mashuka yenye mistari ya njano kwenye mikunjo yamekaa rafuni muda mrefu, na kiwango chake kimezidi. Hesabu yote hufanywa upya vyumba vikiongezeka, londri ikipata mashine ya kukaushia, kazi ikihamishiwa kwa dobi wa nje, au hoteli ikinunua taulo nzito zaidi, kwa sababu taulo nzito hukauka polepole na siku za mzunguko hubadilika hata kama vyumba ni vile vile.