Betri Isiyotumika Nayo Huzeeka

"Fundi, hii pawabenki nilinunua mwaka juzi, na nimeitumia mara chache mno, umeme ukikatika tu. Mbona sasa haiwezi hata kujaza simu moja?"

Fundi aliigeuza, akaipapasa ubavuni kuona kama imevimba. "Huwa unaiweka wapi, mama?"

"Juu ya friji, nimeichomeka kwenye chaja muda wote, ili umeme ukikatika nikute imejaa."

"Basi imezeekea hapo hapo juu ya friji."

Mama hakuridhika, na ukimsikiliza unaona ana hoja. Viatu visivyovaliwa havitoboki soli, na gari lisilotoka gereji halimalizi matairi. Kwa nini betri ambayo haijafanya kazi iwe imechoka?

Jibu ni kwamba betri ya lithiamu, hii iliyomo kwenye simu, kompyuta mpakato, drili za mafundi na pawabenki, huisha kwa njia mbili. Ya kwanza ni uchakavu wa mizunguko, unaoletwa na kuchaji na kutumia. Ya pili ni uzee wa kalenda, unaokuja kwa kupita kwa siku tu, hata kama kifaa kimefungiwa kabatini. Njia zote mbili hupunguza chaji ambayo betri inaweza kubeba, na kwa kuangalia asilimia kwenye kioo huwezi kujua ni ipi iliyokula zaidi.

Tuingie ndani ya seli kidogo. Upande hasi una grafaiti, ile ile iliyomo kwenye penseli, iliyopakwa juu ya karatasi nyembamba ya shaba. Unapochaji, chembe za lithiamu hutoka upande chanya, hupita kwenye kimiminika kinachoitwa elektroliti, na kujipenyeza katikati ya matabaka ya grafaiti. Unapotumia, hurudi zilikotoka. Kwa hesabu hiyo betri ingedumu milele, lakini grafaiti iliyoshiba lithiamu haipatani na elektroliti. Zikigusana, elektroliti huvunjika, na mabaki yake hujenga utando mwembamba juu ya grafaiti. Mkemia Emanuel Peled aliueleza utando huo mwaka 1979, na bila huo betri hizi zisingewezekana, kwa sababu huruhusu lithiamu kupita huku ukizuia elektroliti isiendelee kuvunjika. Kiwandani seli mpya huchajiwa polepole mara ya kwanza ili utando ujijenge vizuri.

Tatizo ni kwamba utando hauzibi kabisa. Elektroliti huendelea kupenya kidogo kidogo, huvunjika, na utando hunenepa. Kila unaponenepa hunasa lithiamu, na iliyonaswa haitarudi tena kubeba umeme. Hiyo ndiyo sehemu kubwa ya uzee wa kalenda. Hauhitaji mtu abonyeze kitufe chochote, kwa kuwa grafaiti na elektroliti zimegusana usiku na mchana.

Kadiri utando unavyonenepa ndivyo unavyojizuia wenyewe. Kwa hiyo hasara haiendi kwa mstari ulionyooka, bali kwa kukadiria hufuata kipeuo cha pili cha muda. Betri iliyopoteza asilimia 10 mwaka wa kwanza itakuwa imepoteza karibu asilimia 20 baada ya miaka minne, si 40. Miezi ya mwanzo ndiyo mikali zaidi.

Uchakavu wa mizunguko una sababu nyingine. Grafaiti hutanuka kwa takriban asilimia 10 inaposhiba lithiamu, kisha hunywea. Kutanuka na kunywea huko mara mamia hupasua utando, na panapopasuka hujengeka mwingine kwa gharama ya lithiamu. Watengenezaji wengi hukadiria kwamba betri ya kawaida itabaki na asilimia 80 ya uwezo wake baada ya mizunguko 500 hivi, ingawa zipo zinazofika 1,000. Mzunguko mmoja ni jumla ya asilimia 100 iliyotumika. Ukitumia nusu leo na nusu kesho, umemaliza mmoja.

Sasa tupige hesabu ya yule mama. Tuseme umeme hukatika na pawabenki humalizwa yote mara mbili kwa mwezi. Hiyo ni mizunguko 24 kwa mwaka. Kama mizunguko 500 hula asilimia 20, basi 24 hula pungufu ya asilimia moja. Katika miaka mitatu matumizi yamechukua asilimia tatu hivi. Upande wa kalenda, tuchukue kwamba kukaa imejaa kwenye chumba chenye joto kumekula asilimia 10 mwaka wa kwanza. Kwa kanuni ya kipeuo cha pili, miaka mitatu itakula asilimia 17. Tatu kwa 17: hata kama makadirio yangu yamezidi mara mbili, kalenda bado inaongoza kwa mbali.

Linganisha na simu inayomaliza mizunguko 300 kwa mwaka. Yenyewe hupoteza asilimia 12 kwa matumizi peke yake, na kalenda inadai fungu lake pembeni. Ndiyo maana ushauri wa simu ya kila siku haufai kuhamishiwa kwenye drili inayotoka kabatini mara mbili kwa mwaka. Mwenye drili hiyo hana haja kabisa ya kuhesabu mizunguko. Aitumie apendavyo, ila aangalie inalala wapi, na inalala na chaji kiasi gani.

Mambo hayo mawili, joto na kiwango cha chaji, ndiyo yanayoongeza au kupunguza kasi ya kalenda. Kwa makadirio ya kikemia, kila nyuzi joto 10 zinazoongezeka huweza kuzidisha kasi hiyo karibu mara mbili. Kiwango cha chaji nacho kina uzito, kwa sababu betri iliyojaa ina grafaiti iliyoshiba, na upande chanya uko kwenye volti kubwa, karibu 4.2 kwa seli, inayoshambulia elektroliti kutoka upande wake. Kuna jedwali la seli za kobalti za zamani ambalo watu wa betri hulinukuu sana: kwa nyuzi 25, seli iliyohifadhiwa mwaka mzima ikiwa na asilimia 40 ya chaji ilipoteza asilimia 4, na iliyohifadhiwa ikiwa imejaa ilipoteza 20. Kwa nyuzi 40, hasara zilikuwa 15 na 35. Seli za siku hizi hustahimili zaidi, hivyo usichukue namba hizo kama hukumu ya kifaa chako. Mwelekeo wake ndio haujabadilika.

Nyuzi 40 si mbali kwa mtu wa pwani. Dari ya mabati isiyo na silingi, adhuhuri ya Januari, huzifikia bila shida, na dashibodi ya gari lililoegeshwa juani huzipita kabisa. Nyuma na juu ya friji hutoka joto karibu muda wote. Taa za dharura zinazoachwa ukutani kwenye soketi mwaka mzima, kama ni za lithiamu, ziko katika hali ile ile: zimejaa, na chaja yenyewe inazipasha.

Hapo ndipo linapokuja gumu la kifaa cha dharura. Kinatakiwa kiwe kimejaa siku ya shida, na kujaa ndiko kunakokizeesha. Ushauri wa nusu chaji unaotolewa kwa kompyuta inayowekwa stoo hausaidii sana pawabenki inayosubiri giza la leo usiku. Mimi naona mama angefanya hivi. Aitoe kwenye chaja, aishushe kwenye droo ya chini ya chumba kisichopigwa jua, na aiache kwenye taa mbili au tatu kati ya zile nne za pembeni. Tangazo la kukatika kwa umeme likitoka, aijaze siku hiyo. Kama anaishi mahali ambapo umeme hukatika bila taarifa na kuna mgonjwa anayetegemea kifaa, basi aiache imejaa na akubali kununua nyingine mapema. Hiyo nayo ni hesabu halali, mradi anajua analipia nini.

Asije tu akakimbilia upande wa pili na kuiweka tupu. Betri huvuja chaji yenyewe, na saketi ndogo ya ulinzi iliyomo ndani hunywa kidogo kila siku. Iliyohifadhiwa kwenye sifuri, baada ya miezi kadhaa huteremka chini ya volti 2 au zaidi ya hapo, na kwenye kina hicho shaba ya upande hasi huanza kuyeyukia kwenye elektroliti. Ukiichaji tena, shaba hiyo hujikusanya pasipotakiwa na inaweza kuunganisha pande mbili ndani kwa ndani. Mafundi wengine "huiamsha" betri ya namna hiyo kwa kuipa umeme moja kwa moja, bila kupitia saketi ya ulinzi. Ikiamka, usiilaze karibu na kitanda. Dawa ya kuepuka yote hayo ni kuitazama kila baada ya miezi mitatu hivi na kuirudishia chaji kidogo.

Utajuaje kalenda imekula kiasi gani? Taa nne za pembeni hazisemi, maana hupima volti, si ujazo. Kipimo cha nyumbani ni simu yako. Pawabenki iliyoandikwa mAh 10,000 ina saa-wati 37 ndani. Toa zinazopotea katika kupandisha volti na katika kuchaji, zinabaki kama 27 zinazoingia kwenye simu. Simu ya mAh 4,000 inataka 15 hivi. Kwa hiyo pawabenki mpya na ya kweli huijaza mara moja na karibu robo tatu nyingine. Ipime wiki uliyoinunua na uandike matokeo kwa kalamu kwenye boksi, kwa sababu nyingi zinazouzwa barabarani hazina ujazo ulioandikwa, na bila kipimo cha mwanzo utalaumu uzee kwa kosa la kiwandani. Ikivimba usiipime tena, usiichaji na usiitoboe. Ule upepo ulioijaza ni elektroliti iliyovunjika, na unawaka.

Na ukienda dukani kutafuta betri mpya ya simu ya zamani, uliza imetengenezwa lini kabla ya kuuliza bei. Kalenda huanza kuhesabu siku seli inapotoka kiwandani. Betri halisi ya mtengenezaji, ndani ya boksi lake lisilofunguliwa, iliyotengenezwa mwaka 2017 na kukaa miaka yote kwenye rafu ya duka lenye joto, haina hata mzunguko mmoja wa mteja. Inaweza kuwa imechoka kuliko ile unayotaka kuing'oa.